Kiti cha mtoto cha mtumba ndani ya Demio: kifungwe, kigeuzwe au kibadilishwe?

"Nimenunua kiti cha gari cha mtoto cha mtumba pale Toi kwa shilingi 6,000. Muuzaji aliniambia kimetoka Uingereza na hakijawahi kupata ajali. Kina stika ya rangi ya chungwa yenye E4 na maandishi 0–18 kg, na chini kuna kiduara chenye mshale na namba 16. Mwanangu ana miezi kumi, kilo tisa na nusu. Tunaishi Syokimau na kila mwezi tunaenda kwa nyanya yake Nakuru na Demio yetu. Kiti kikitazama nyuma kinayumba hata tukikaza mkanda, na baba yake anasema miguu inabanwa, tumgeuze atazame mbele kwa kuwa ameshapita kilo tisa. Tumgeuze? Na kiti chenyewe ni salama, au nimetupa pesa? Kipya nilichokiona Biashara Street ni 15,000."

Mama, msimgeuze. Nalitanguliza hilo kwa sababu mnaweza kulitekeleza leo hii bila kutoa hata shilingi, na katika yote uliyouliza ndilo linalomlinda mtoto zaidi. Kuhusu kiti chenyewe, pesa hujazitupa zote, ila mimi nisingekitegemea mpaka mtoto afikishe kilo 18. Kikipita ukaguzi nitakaoueleza hapa chini, kitumieni huku mkiweka akiba ya kingine. Kikishindwa, kisiingie tena garini.

Baba mtoto hajatoa hoja yake hewani. Viti vya aina yenu, vya kilo 0 hadi 18, vimepitishwa kutumika kwa namna mbili: mtoto atazame nyuma mpaka kilo 13, au atazame mbele kuanzia kilo 9. Kwa hiyo kati ya kilo 9 na 13 stika inaruhusu vyote viwili, na wazazi wengi wakiona mizani imegonga 9 hudhani muda wa kugeuza umefika. Kilo 9 ni kiwango cha chini kabisa ambacho mtoto asigeuzwe kabla yake. Kinachotakiwa ni kukaribia kilo 13 akiwa bado ametazama nyuma. Kanuni mpya ya Ulaya, R129, ambayo watu huijua kwa jina la i-Size, iliondoa utata huo: tangu ianze kutumika mwaka 2013, kiti kinachopitishwa chini yake hakiruhusiwi kumtazamisha mtoto mbele kabla ya miezi 15, hata akiwa mnene kiasi gani. Uswidi wazazi huwaacha watoto wakitazama nyuma mpaka karibu miaka minne.

Sababu iko shingoni. Mtoto anapozaliwa, kichwa chake ni kama robo ya urefu wake wote, na mifupa ya shingo bado haijaungana vizuri. Sehemu kubwa imeshikwa na gegedu na kano laini. Sasa chukua gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, mwendo wa kawaida wa mjini, likigonga kitu na kusimama ndani ya takriban nusu mita, ambayo ndiyo sehemu ya mbele ya gari inayobonyea. Kila kilichomo garini kinavutwa mbele kwa nguvu ya karibu mara 20 ya uzito wake. Mwanao wa kilo tisa na nusu anakuwa na mvuto wa kilo 190, zaidi ya gunia mbili za mahindi za kilo 90. Ndiyo maana hakuna mikono ya mama wala ya nyanya inayoweza kumshika mtoto aliyepakatwa, hata kama anayempakata amejifunga mkanda.

Akitazama mbele, mikanda ya kiti inashika mabega na nyonga, lakini kichwa hakijashikwa na kitu. Kinaendelea mbele, na shingo ndiyo inayokizuia. Akitazama nyuma, mwili wote unasukumwa ndani ya kiti: kichwa, shingo na mgongo vinaegemea gamba gumu la kiti kwa pamoja, na ile nguvu inatawanyika mgongoni kote badala ya kukusanyika shingoni. Faida hiyo haiishi siku mtoto anapofikisha kilo tisa. Inaendelea kwa muda wote anaotoshea.

Miguu sasa. Mtoto wa miezi kumi huikunja, huipandisha kwenye mgongo wa siti ya gari, au huikalia kama anavyokaa kwenye mkeka. Kwetu sisi watu wazima anaonekana amebanwa, lakini viungo vyake ni vyepesi na hilo halimuumizi. Hata ajali ikitokea, watoto wanaotazama mbele nao huumia miguu, kwa sababu miguu yao hurushwa ikagonga mgongo wa siti ya mbele. Zaidi ya hayo, mguu uliovunjika daktari huufunga plasta ukapona. Shingo ni jambo jingine. Kwa hiyo msipime kwa miguu, pimeni kwa kichwa. Mtoto amekizidi kiti cha kutazama nyuma anapofikisha kilo 13, au pale utosi wake unapobakiza chini ya sentimita mbili na nusu kufika ukingo wa juu wa gamba, lolote litakalotangulia. Muwekeni kitini, muweke kiganja juu ya gamba mtazame nafasi iliyobaki. Kwa uzito mliotaja, mizani bado inawapa nafasi ya kilo tatu na nusu.

Kuyumba kwa kiti mnaweza kulitatua wenyewe, na nina dhana moja ninayoiweka mbele ya zote. Kiti cha 0–18 kina njia mbili tofauti za kupitisha mkanda wa gari. Kwenye viti vilivyopitishwa kwa kanuni ya Ulaya, njia ya kutazama nyuma huwekwa alama ya buluu, na ya kutazama mbele alama nyekundu. Viti vya mtumba mara nyingi alama hizo zimefifia au zimefunikwa na kava, na mtu anayefunga kwa mara ya kwanza hupitisha mkanda mahali panapoonekana pana nafasi. Mkanda ukipita kwenye nyekundu huku kiti kimetazama nyuma, kiti kitayumba hata ukauvuta kwa nguvu gani, na siku ya ajali hakitashikwa mahali kilipoundwa kushikwa. Inueni kava pembeni, mtafute alama za buluu, kisha mfuate picha iliyobandikwa ubavuni mwa kiti. Kama picha imebanduka, tafuteni jina la mtengenezaji na modeli kwenye stika, mpakue kijitabu cha maelekezo mtandaoni. Bila kijitabu, wala bila picha, msikisie.

Njia ikishakuwa sahihi, fungeni hivi. Kiti kiwe siti ya nyuma, upande wa kushoto, ili mnapomtoa mtoto muwe upande wa kando ya barabara na si upande wa magari yanayopita. Kiwekeni kiti pahali pake, mpitishe mkanda wa gari bila kuuacha usokotane hata mara moja, mfunge mpaka usikie mlio. Mmoja wenu akandamize kiti kwa kiganja au goti kuelekea chini na kuelekea mgongo wa siti, akitumia uzito wa mwili wake. Mwingine avute kwanza sehemu ya mkanda inayopita kiunoni, kisha ile ya begani, mpaka ulegevu wote uishe. Baada ya hapo shikeni kiti pale pale mkanda unapopita, mkitikise kushoto na kulia, mbele na nyuma. Kisisogee zaidi ya sentimita mbili na nusu.

Nasisitiza hapo, "pale pale mkanda unapopita". Wazazi wengi hushika sehemu ya juu ya kiti, upande wa kichwa cha mtoto, wakaona inacheza na kukata tamaa. Kwa kiti kinachotazama nyuma, upande huo hucheza kidogo kwa kawaida yake, na si kasoro.

Ikiwa njia ni sahihi na bado kinayumba, yako mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni kifungio cha mkanda wa gari. Kikikaa juu ya pembe ya plastiki ya kiti badala ya kuning'inia kando yake, mkanda haukazi vizuri, na kishindo kinaweza kukivunja. Hilo haliponywi kwa kuvuta zaidi. Jaribuni siti ya upande mwingine. La pili ni urefu. Viti vya 0–18 vinapotazama nyuma hula mkanda mrefu sana, na kwenye gari dogo mkanda unaweza kuishia kabla haujafika kifungioni, au ukafika ukiwa umekatiza vibaya. Hapo kiti hicho na gari hilo havikubaliani, na hakuna ufundi wa kuvilazimisha. Msiunge mkanda wa gari kwa cherehani, wala msinunue kipande cha kuurefusha.

Na kwa vyovyote vile, kiti kinachotazama nyuma kisikae siti ya mbele ambako mfuko wa hewa unafanya kazi. Ukifumuka unapiga mgongo wa kiti pale pale kichwa cha mtoto kilipo, kwa nguvu inayoweza kuua. Nasema hivi kwa sababu nimewaona wazazi wanaomweka mtoto mbele ili wamwone wanapokwama kwenye foleni ya Mombasa Road.

Sasa tuje kwenye kiti chenyewe. E4 haimaanishi daraja la nne wala kiwango cha nne cha ubora. Ni namba ya nchi iliyokipitisha: 4 ni Uholanzi, 1 ni Ujerumani, 11 ni Uingereza. Kiti kinaweza kupitishwa Uholanzi, kikauzwa Uingereza na kutumiwa huko miaka yote, kwa hiyo muuzaji hakusema uongo kwa hilo. Kinachowafaa zaidi ni namba ndefu iliyo chini ya duara la E4 kwenye stika. Ikianza na 03 au 04, kiti kilipimwa kwa toleo la R44, kanuni ya Ulaya iliyoitangulia R129, ambalo bado linakubalika kutumika Ulaya. Ikianza na 01 au 02, ni cha zamani mno, kiacheni. Uuzaji wa viti vipya vya R44 ulisimamishwa Umoja wa Ulaya mwezi Septemba 2024, na wako wanaodhani tangu hapo viti hivyo ni haramu. Aliyenacho anaruhusiwa kuendelea kukitumia. Kwa hiyo stika ya chungwa peke yake haiwahukumu.

Kile kiduara chenye mshale ndicho kinachonipa wasiwasi zaidi. Ni saa ya kiwandani, inayochongwa kwenye plastiki wakati gamba linamwagwa. Namba ya katikati ni mwaka, na mshale huonyesha mwezi. Gamba lenu lilitengenezwa mwaka 2016. Watengenezaji wengi huweka ukomo wa matumizi kati ya miaka 6 na 10 tangu tarehe hiyo. Wengine huuandika chini ya kiti, wengine kwenye kijitabu. Tafuteni wa modeli yenu. Ukiwa miaka 6 au 7, jibu limeshapatikana: kiti kimestaafu. Ukiwa 10, mko ukingoni.

Ukomo huo una sababu yake. Gamba ni plastiki inayotakiwa kupinda kidogo inapopokea kishindo, ili imeze nguvu badala ya kuipitisha kwa mtoto. Jua na joto la ndani ya gari huifanya mwaka baada ya mwaka ipoteze ulaini wake, hadi siku ya kishindo ipasuke badala ya kupinda. Jicho haliyaoni mabadiliko hayo mpaka yamefika mbali. Na hatujui kiti hiki kilikaa wapi tangu 2016: labda kivulini kwenye gereji, labda juu ya meza ya soko juani kutwa.

Ukaguzi wenyewe unahitaji mchana na meza. Vueni kava lote na vikalio vya ndani. Muuzaji akiosha kava vizuri kiti hupendeza machoni, ndiyo maana kava lazima litoke kwanza. Chini yake, upande wa kichwa, mtaona povu gumu jeupe, la aina ile inayofungiwa televisheni mpya kwenye boksi. Hilo ndilo linalokinga kichwa. Likiwa na ufa, limebonyezwa mahali, limemeguka au halipo kabisa, ukaguzi umeishia hapo. Kisha pitisheni vidole na macho kwenye gamba zima, hasa pembezoni mwa matundu ya mikanda na pale mkanda wa gari unapopita. Mnatafuta nyufa, na pia mistari au mabaka meupe kwenye plastiki ya rangi nyeusi. Weupe huo ni alama kwamba plastiki iliwahi kuvutwa kupita uwezo wake, na mara nyingi kinachoivuta hivyo ni ajali.

Mikanda ya mtoto ivuteni yote nje mwitazame kwa urefu wake. Ikiwa na nyuzi zilizochomoka, sehemu iliyong'aa kama imeunguzwa, au mshono ulioachia, haifai. Kunusa nako kunasaidia. Nairobi tuna mazoea ya kupeleka kila kitu kikaoshwe pamoja na siti za gari, kwa sabuni kali na hata jiki. Mikanda hii haitakiwi kulowekwa wala kupigwa brashi kwa dawa, kwa sababu nyuzi hupoteza nguvu bila kubadilika sura. Husafishwa kwa kitambaa chenye maji na sabuni laini, basi. Mkanda uliopauka kuliko sehemu yake iliyojificha ndani ya gamba, ama umeoshwa vibaya ama umepigwa na jua muda mrefu.

Kifungio cha katikati kifungeni na kufungua tena na tena. Kitoe mlio kila mara, kisiachie mkivuta mikanda kwa nguvu, na kisihitaji kubembelezwa. Kikigoma, huenda kina uji uliokauka au makombo ya biskuti. Kisuuzeni kwa maji ya uvuguvugu bila kutia mafuta yoyote. Kikiendelea kugoma, msikubali fundi awawekee cha kiti kingine. Mwisho, vuteni ule mkanda wa mbele unaokaza mikanda ya mabega, kisha shikeni mikanda ya mabega muivute kwa nguvu kuelekea kwenu. Ikirudi nyuma hata kidogo kidogo, kikazio kimelika meno, na mtoto atalegea safari ikiwa katikati.

Tuseme kiti chenu kimeyapita yote hayo. Hata hivyo swali moja linabaki ambalo halina kipimo cha mezani: je, kiliwahi kuwa ndani ya gari lililogongwa? Kishindo kinaweza kudhoofisha gamba na mikanda bila kuacha alama, na muuzaji wa Toi anayenunua bidhaa kwa marobota hana namna ya kujua, hata akiwa mwaminifu kiasi gani. Neno lake si ushahidi. Angekuwa wifi yako wa Rongai ndiye aliyekupa, akakwambia "tulikinunua kipya, hatujagongwa, kijitabu hiki hapa", ningekuambia kichukue kwa mikono miwili. Mtumba unaojua historia yake na mtumba wa sokoni ni vitu viwili tofauti, na kwangu hiyo ndiyo tofauti kubwa kuliko bei.

Basi kwa nini sikuambii ukitupe leo? Kwa sababu njia ya Nakuru haitawangoja, na mkikitupa kabla ya kupata kingine, mtoto atarudi mapajani. Kiti cha mwaka 2016 kilichopita ukaguzi, ambacho bado kimo ndani ya ukomo wa mtengenezaji na kimefungwa barabara kikitazama nyuma, kinamkinga kuliko mapaja ya mtu yeyote. Lakini kikiwa na ufa, weupe kwenye plastiki, povu lililovunjika au kikazio kinachoachia, au ukomo umeshapita, kivunjeni vipande na kukata mikanda yake kabla ya kukitupa, ili kisirudi sokoni kwa mzazi mwingine. Na safari ya Nakuru iahirishwe, nyanya aje Syokimau mwezi huu.

Kwa hizo 15,000, msinunue kwa kuangalia picha ya boksi. Nendeni na gari, na mtoto awepo. Mwombeni mwenye duka awaruhusu kukifunga kabla ya kulipa. Wengi hukubali ukiwaomba asubuhi kabla wateja hawajajaa, ila Biashara Street kupata maegesho ni kazi, kwa hiyo mmoja abaki garini. Tafuteni stika ya R129, mtazame kinaruhusu kutazama nyuma mpaka urefu gani kwa sentimita. Kinachofika 105 kitawatumikia kuliko kinachoishia 85. Kama ni cha kufungwa kwa ISOFIX, yaani kinachonasa moja kwa moja kwenye vyuma vya gari badala ya kutumia mkanda, pekueni kwa vidole kwenye mpenyo kati ya kikalio na mgongo wa siti ya nyuma ya Demio yenu. Mkigusa vyuma viwili vyembamba vilivyoachana kama sentimita 28, gari linavyo. Msipovigusa, chukueni kiti cha kufungwa kwa mkanda. Kikifungwa sawasawa kinalinda vizuri vilevile. Faida kubwa ya ISOFIX ni kwamba ni vigumu kukosea.

Hapo ndipo urahisi wa kutumia unapohusiana na usalama. Kiti kinachohitaji nguvu za watu wawili kukikaza, siku mama yuko peke yake na mvua inanyesha, hakitakazwa. Kwa hiyo dukani jaribuni vitu vitatu tu: je, mikanda ya mabega inapanda na kushuka bila kufungua kiti kizima, je, unaweza kuikaza kwa mkono mmoja, na je, kava linatoka kwa kuoshwa bila kuing'oa mikanda. Vishikio vya vikombe na vitambaa vya manyoya havina uzito wowote kwangu. Tena, jihadharini na vile vya bei ya kutupa mtandaoni ambavyo ni kitambaa chenye mikanda, bila gamba gumu. Vinaitwa viti vya gari kwenye tangazo, lakini Uingereza haviruhusiwi kabisa, kwa kuwa hakuna kitu ndani yake cha kupokea kishindo.

Kiti chochote mtakachotumia, mtoto mwenyewe naye lazima afungwe vizuri ndani yake. Akitazama nyuma, mikanda itokee usawa wa mabega yake au chini yake kidogo. Kaza, kisha jaribu kufinya mkanda begani kwa vidole viwili, kama unayetaka kuukunja. Ukifaulu kuukunja, bado umelegea. Kosa ninalokutana nalo zaidi kwa wanaopanda njia ya Limuru na Kinungi ni jaketi nene. Baridi ya kule ni kali na mzazi humvika mtoto koti lenye pamba, akakaza mikanda juu yake. Siku ya kishindo pamba hiyo inabonyea na mikanda inabaki imelegea kwa sentimita kadhaa. Mvalisheni sweta jepesi, mfungeni, kisha mfunikeni kwa shuka au leso juu ya mikanda. Na kwa safari ndefu kama hiyo simameni Naivasha, mumtoe kitini ajinyooshe. Kila baada ya saa mbili hivi apumzike. Mkifika kwa nyanya akiwa amelala, mhamishieni kitandani. Kiti cha gari si mahali pa kulala mtoto nje ya gari, kwa kuwa kidevu huweza kuangukia kifuani na kuziba njia ya hewa.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi kuyamaliza. Mwanao akiwa alizaliwa kabla ya wakati, ana tatizo la kupumua, la nyonga au misuli iliyolegea, au ukiona kichwa kinaangukia mbele akiwa kitini, mwonyesheni daktari wa watoto kabla ya safari ndefu, na nendeni na kiti chenyewe. Mkanda wa gari ukiwa umechanika, hauvutiki au haurudi, mtafuteni fundi anayebadilisha mkanda mzima pamoja na kikunjio chake. Mkanda uliong'olewa kwenye gari lililogongwa na kuuzwa Grogan una swali lile lile la historia. Na mkigongwa kwa kishindo, hata mtoto akitoka akicheka, apimwe hospitali siku hiyo hiyo, na kiti hicho kisitumike tena. Kisamehewe tu kama yote haya ni kweli: gari liliweza kuendeshwa kutoka pale, mlango ulio karibu na kiti haukuharibika, hakuna aliyeumia, hakuna mfuko wa hewa uliofumuka, na kiti hakina alama yoyote.